Mafuta ya Kambale

Mama yangu mdogo aliolewa juu ya ukingo wa ziwa la volkeno, upande wa chini wa wilaya yetu, ukishateremka kutoka Mpuguso mpaka baridi ya Tukuyu ikakuacha. Ziwa lenyewe ni dogo. Limekaa kama chungu: kuta za mwinuko pande zote, maji ya kijani chini, na hakuna mto unaotoka. Maji ya mvua yanaingia kutoka mabondeni, jua linayapunguza taratibu, lakini yalichokuja nacho hakina njia ya kutokea. Tangu utoto nililipenda kwa sababu hiyohiyo, kwamba lilikuwa kitu kilichofungwa, kisichotuacha.

Baada ya chuo nilirudi Tukuyu nikiwa afisa uvuvi wa wilaya. Kazi yangu kubwa ilikuwa mabwawa ya wakulima, kupanda vifaranga vya perege na kuwakumbusha watu wasiyaache yajae matete. Ziwa lilikuwa langu pia, kwenye makaratasi. Kwa hali halisi lilikuwa la mama mdogo na wanawake wenzake, ambao waume zao walitega kambale kwa ndoana na wao wakawakausha kwa moshi na kuwapeleka sokoni.

Nilipopata mimba ya kwanza, mama mdogo alianza kuniletea kambale nyumbani kwangu Ibighi. Aliwafunga kwenye majani ya mgomba, bado wana harufu ya moshi, na mafuta yakipenya majani mpaka kwenye kitenge chake.

"Kula tumbo na ngozi," alisema. "Usiwape wageni hiyo sehemu. Mafuta ndiyo yanayoleta maziwa."

"Ndaga, mama mdogo," nilimshukuru kwa Kinyakyusa.

"Ndaga yako iwe kula."

Nikala. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alicheka akisema nitajifungua samaki. Mama mdogo hakuwa amezaa. Aliitunza mimba yangu kama yake. Kila alipokuja alinipapasa tumbo kabla hata hajakaa.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia na magari yao, na chama cha ushirika kilichokuwa kikinunua kila kitu tangu sisi tukiwa watoto kilikuwa kinakufa polepole, kama mzee asiye na ugonjwa unaojulikana. Juu ya ziwa, kwenye bega la kilima, palikuwa na ghala lake moja la pembejeo. Mlinzi aliacha kulipwa, akaondoka. Upepo ukachukua mabati mawili ya paa. Hakuna aliyejali, maana kilichobaki ndani hakikuwa kahawa wala mbolea. Yalikuwa magunia ya dawa ya zamani ya wadudu wa mahindi, unga mweupe wa DDT, ulioletwa enzi za kampeni za kilimo na kuachwa baada ya wataalamu kusema usitumike tena mashambani.

Habari ya ndege ndiyo iliyonifikisha pale. Mama mdogo aliniambia kama mtu anayesimulia uvivu wa jirani.

"Wale mnandi wa kwenye mti ulioinamia maji hawajui tena kuatamia. Wanakalia mayai yanapasuka."

"Yanapasuka au yanaibwa?"

"Yanapasuka. Nimeona ute unatiririka kwenye shina. Mwaka jana hivyo, mwaka huu hivyo. Hakuna kifaranga hata mmoja."

Mnandi ni ndege mweusi mla samaki, mzamiaji. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kuhusu ndege wa aina hiyo katika nchi za mbali, jinsi maganda ya mayai yao yalivyokuwa membamba kama karatasi pale DDT ilipotumika sana. Nilikuwa nimeyaandika yale nikafaulu mtihani, nikayaacha huko. Siku ile, nimeketi jikoni kwangu na kipande cha kambale mkononi, yalinirudia yote kwa mpigo, na nikakiweka kile kipande chini.

Nilishuka ziwani kesho yake kwa miguu, mimba ikiwa imekua. Mama mdogo alinisubiri ghalani, kama tulivyokubaliana, akiwa ameziba pua na upande wa khanga. Ndani, magunia yalikuwa yameoza. Mvua iliyokuwa ikiingia paani ilikuwa imeulowesha ule unga, ikautoa mlangoni, na kutoka mlangoni ilikuwa imechimba mfereji mwembamba kwenye udongo mwekundu. Niliufuata ule mfereji. Ulipita kwenye migomba, ukapita kwenye majani ya ukingo, ukaingia ziwani. Kwa umbali mrefu udongo wake ulikuwa na weupe kama wa chokaa.

"Ni hii?" mama mdogo aliuliza.

"Nadhani ni hii."

"Basi mvua itaiosha."

Ilikuwa imekwisha kuiosha. Ndiyo iliyokuwa shida.

Nilichukua maji ziwani kwenye chupa nilizozichemsha, nikayapeleka kwa mkurugenzi wa halmashauri nikiomba yaende maabara Dar es Salaam. Alikubali. Alikuwa mtu wa heshima, si mkatili, aliyechoka na matatizo yasiyo na fungu. Majibu yalichukua muda mrefu; mimi nilijifungua mtoto wa kike kabla hayajafika. Yalipofika aliniita ofisini, nikaenda na mtoto mgongoni.

"Bibi Samaki, mshukuru Mungu," alisema, akinisogezea karatasi. "Haikuonekana. Maji ni safi."

"Mkurugenzi, haikuonekana maana yake mashine yao haioni chini ya kiasi fulani. Si kwamba haipo."

"Sasa kama mashine ya serikali haioni, wewe unaona kwa kitu gani?"

Niliomba ubao. Kwenye ukumbi wa mikutano uliopakana na ofisi yake palikuwa na ubao wa darasa, na chaki. Alinifuata akiwa amekunja mikono. Nilimweleza kwanza kwamba DDT haipendi maji. Ukiitia kwenye maji inayakimbia, inajishika kwenye tope na kwenye mafuta ya kila kiumbe kilicho hai. Na ikishaingia kwenye mafuta haitoki kwa mkojo, wala mwili hauwezi kuivunja upesi. Inakaa.

"Mashine yao haioni chini ya 0.0001, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya miligramu kwa lita," nilisema. "Tuseme ziwani ipo sehemu ya tano ya hapo tu. 0.00002."

Nikaandika. Namba ilionekana ndogo mpaka ya kuchekesha.

"Vijimea na vijidudu visivyoonekana vinavyoelea majini vinainyonya kutoka kwenye maji. Vinaweza kuikusanya mara elfu moja. Zidisha kwa elfu: 0.02 miligramu kwa kilo."

"Bado ndogo."

"Bado ndogo. Sasa anakuja perege mdogo. Ili aongeze kilo moja ya mwili, lazima ale takriban kilo kumi za vile vijidudu. Chakula kingi anakitumia kuishi na kuogelea, kinamtoka. Sumu haimtoki. Kilo kumi mara 0.02 ni 0.2. Tuseme anapoteza sehemu kidogo, anabaki na nane ya kumi. Inakuwa 0.16 kwa kilo."

Alikunjua mikono.

"Kambale anamla perege. Naye vilevile, kilo kumi za perege kwa kilo moja ya mwili wake. Kumi mara 0.16 ni 1.6. Abaki na nane ya kumi: 1.28."

Nilipiga mstari chini ya ile namba. Mtoto aliamka mgongoni akaanza kunung'unika, nikawa nayumba polepole huku na huku nikiendelea.

"Kutoka maji mpaka kambale imezidi mara elfu sitini na nne. Ukitaka kupata kwenye maji kile kilichomo kwenye kilo moja ya kambale, unywe lita elfu sitini na nne. Kwa lita mbili kila siku, karibu miaka themanini na minane."

Mkurugenzi alikaa kwenye kiti cha wajumbe.

"Kwa hiyo anayekunywa yuko salama, anayekula hayuko."

"Na anayemla anayekula ndiye aliye hatarini zaidi. Wale ndege wanakula samaki kila siku ya maisha yao."

"Hizi namba za tuseme tuseme, naweza kuzipeleka kwa nani?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Nilimjibu kwamba tupime samaki wenyewe, si maji. Alitia saini, nikapeleka kambale mzima kutoka kwa mvuvi mmoja wa upande wa mama mdogo, amegandishwa kwenye barafu ya duka la soda, akasafiri na rafiki yangu wa chuo aliyekuwa kwenye ile maabara na aliyekuja Mbeya kikazi. Nilitaka sana namba yangu iwe makosa. Nilisali hivyo kanisani, waziwazi, nikiomba nionekane mjinga.

Rafiki yangu alipiga simu kwenye ofisi ya posta, saa tuliyopangana. Sauti yake ilikuwa inakatika.

"Umekaa?"

"Nimesimama, hapa hakuna kiti."

"Kwa kilo nzima ya samaki inakuja 1.4. Na sehemu kubwa ni ile iliyokwisha geuka, DDE, ndiyo inayomaliza mayai ya ndege. Maana yake ni ya siku nyingi."

Nilimshukuru. Nikabaki nimekishika kile chombo cha simu mpaka mhudumu aliponigusa bega.

Nilikuwa nimekula ile namba kwa miezi yote ya mimba. Nilipiga hesabu njiani kwenda nyumbani ingawa sikutaka kuipiga: nusu kilo kwa juma, na sehemu zenye mafuta zaidi, kama nilivyoagizwa. Sasa mwanangu alikuwa ananyonya. Na maziwa ni mafuta.

Siku iliyofuata nilikwenda hospitali kumwona daktari, mama mtu mzima aliyenizalisha. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Umekuja kuniuliza kama uache kunyonyesha," alisema.

"Ndiyo, daktari."

"Usiache. Ukianza kumpa maziwa ya kopo kwa maji ya huku, kuhara kutamwua kabla hiyo sumu haijafikiria kufanya lolote. Hilo nalijua kwa hakika. Hiyo nyingine sijui itamfanyia nini. Huenda isimfanyie kitu. Hakuna anayejua vizuri."

"Inatoka kwangu inaingia kwake."

"Inatoka." Hakunificha. "Mwili wa mama hauna njia nyingine kubwa ya kuitoa ila hiyo. Wa kwanza ndiye anayepata zaidi. Watakaofuata watapata kidogo."

Nilimnyonyesha kwenye benchi la nje, chini ya mvua nyepesi ya Tukuyu isiyokwisha. Alikuwa na afya. Alinyonya kwa nguvu, ameshika kidole changu, na mimi nikawa mwepesi kwa mzigo uliokuwa ukiingia kwake. Sijawahi kupata neno la kuliita jambo hilo. Nimelijaribu kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, na hakuna lugha iliyonisaidia.

Kumwambia mama mdogo ilikuwa ngumu kuliko kumwambia mkurugenzi. Nilimkuta anageuza samaki kwenye kichanja cha moshi. Nilieleza kwa maneno mepesi, bila namba. Alisikiliza huku akiendelea kugeuza.

"Unasema nilikuwa nakulisha sumu."

"Sisemi wewe. Nasema ghala."

"Mkono ulikuwa wangu." Akageuza samaki mwingine. "Na wewe sasa unataka nisiwauze?"

"Mama mdogo, angalau usile mafuta. Ondoa ngozi, ondoa tumbo, mwache adondoshe mafuta yote motoni."

"Nani atamnunua kambale aliyekauka kama kuni?" Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Kahawa hainunuliwi kwa kitu cha maana. Ushirika umekufa. Mume wangu miguu haimbebi tena. Nile nini, mwanangu? Sema wewe uliyesoma. Nile nini, nami nitakula hicho."

Nilimsaidia kugeuza waliobaki.

Mkurugenzi alifanya alichoweza. Aliweka katazo la kuvua kwa msimu, na kibao kikasimikwa kwenye njia ya kushukia ziwani. Kwa majuma machache watu walikiheshimu. Halafu walivua alfajiri, halafu mchana, na kibao kikawa mahali pa kuanikia nyavu. Nilipokwenda kuwakumbusha hawakunitukana. Walinipa kiti, wakaniuliza habari za mtoto. Mvuvi mmoja mzee aliniambia kwa upole kwamba yeye amekula kambale wale maisha yake yote na anao wajukuu. Ilikuwa kweli. Ile sumu haiangushi mtu njiani. Hakukuwa na maiti wa kumwonyesha, palikuwa na mti tu wenye viota vitupu, na watu hawaachi chakula kwa sababu ya viota.

Ghala lenyewe likauzwa. Waliokabidhiwa kufunga mali za ushirika walimpata mnunuzi wa kahawa aliyetaka jengo, si vilivyomo. Nilipata habari nikakimbilia huko. Vibarua walikuwa wanachimba shimo nyuma ya ghala, kwenye mteremko, juu kabisa ya migomba. Magunia yalipangwa pembeni. Hakuna aliyevaa chochote usoni zaidi ya kitambaa.

Mwenye ghala alikuja kunisalimu kwa adabu, mtu wa makamo mwenye viatu vizuri vilivyojaa matope.

"Mama, nimeambiwa ni hatari. Ndiyo maana naifukia. Sitaki hata kuigusa."

"Kuifukia hapa ni kuiweka ziwani polepole. Udongo huu unapitisha maji, mvua ya huku unaijua. Iwekwe kwenye mapipa yaliyozibwa, isubiri ipelekwe kuchomwa kwenye tanuru la joto kali."

"Tanuru hilo liko wapi?"

"Halipo nchini."

Alitikisa kichwa, si kwa dharau.

"Mapipa yasubiri wapi? Ndani ya kahawa yangu? Ofisi yako ina chumba?"

Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja nilichogawana na bwana nyuki. Nilirudi mjini kwa mkurugenzi. Akaandika wizarani, na wizara ikajibu kwamba suala hilo linajulikana na kwamba maghala ya aina hiyo yako mengi nchini. Barua ilipofika shimo lilikuwa limeshasawazishwa na juu yake wameshapanda migomba.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Sehemu ya ule mteremko iliporomoka.

Nilipunguzwa kazini katika yale mageuzi ya kupunguza watumishi, na nafasi ya afisa uvuvi haikujazwa kwa muda mrefu. Sikupigwa vita na mtu kwa ajili ya ziwa. Jina langu lilikuwa tu miongoni mwa mengi. Nilifungua duka dogo Ibighi, tukazaa wengine wawili. Binti yangu wa kwanza alikua, akasoma, akawa mrefu kunipita. Akiumwa kichwa nastuka. Alipochelewa kupata ujauzito baada ya ndoa, niliamka kila siku na ile namba kifuani. Alipoupata nilifurahi, kisha nikakumbuka kwamba na yeye atanyonyesha. Sikumwambia lolote. Ningemwambia afanye nini?

Mnandi hawakurudi kwenye ule mti. Mama mdogo alisema siku moja kwamba amewaona wawili wanapita juu, wakazunguka, wakaenda zao. Alizeeka, akawa haoni vizuri kwenye ule moshi wake, lakini hakuacha. Na hakuacha kuniletea. Nilipomwambia asijisumbue aliona nimemkataa yeye, si samaki, na macho yake yakajaa maji. Tangu hapo nilipokea.

Alipokuja siku moja, karibu na mwisho wa maisha yake, alinikabidhi kambale mkubwa, akanywa chai, tukaongea habari za watu, akaenda kwa shemeji yake kulala. Nilimchukua yule samaki mpaka uani nikafanya kama nilivyozoea. Nilivua ngozi yote. Nilikata tumbo, nikakwangua mafuta ya manjano kutoka kwenye uti mpaka nyama ikabaki nyeupe. Ikawa fungu zito la kujaza viganja viwili.

Nikasimama nalo. Kuku wangu walikuwa wamenusa, wakaja wakikimbia kutoka chini ya migomba, kila mmoja akitaka kumtangulia mwenzake, na hao ndio niliokuwa nikila mayai yao. Paka wa jirani naye alishuka ukutani. Upande wa pili palikuwa na shimo la taka, na chini ya shimo la taka mfereji unaoteremka mtoni, na mtoni wanawake walikuwa wanateka maji. Niliyashika yale mafuta mpaka yakaanza kuyeyuka kwa joto la mikono yangu na kunitiririkia viwikoni.